Uzi: Naomba mnikosolee picha hizi za kutelezesha kuhusu riba, ada na muda wa marejesho (mkopaji wa mara ya kwanza)

#1 Karani wa Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni afisa mikopo katika taasisi ndogo isiyopokea amana, hapa Mbeya mjini. Nimepewa kazi ya kuandaa picha za kutelezesha za Instagram, ambazo pia tutazituma kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa soko na wakulima wa viazi, ili mtu ambaye hajawahi kukopa aelewe mambo matatu kabla hajafika dirishani: riba, ada na muda. Nimeandika maneno, mchoraji bado hajaanza. Naomba myasome kama mtu wa Uyole au Tukuyu anayeyasoma kwenye simu yenye kioo kidogo, kisha mniambie mnakwama wapi.

Picha ya 1: Unakopa kwa mara ya kwanza? Soma hapa kwanza.
Picha ya 2: Riba yetu ni asilimia 3 tu kwa mwezi.
Picha ya 3: Ada: uchakataji asilimia 2, bima ya mkopo asilimia 1, fomu shilingi 4,000.
Picha ya 4: Chagua muda wa miezi 6 hadi 12. Muda mrefu, rejesho dogo!
Picha ya 5: Mfano: mkopo 1,200,000 kwa miezi 6. Riba 216,000. Rejesho 236,000 kila mwezi.
Picha ya 6: Bima ya mkopo inakulinda. Karibu ofisini.

#2 Bajaji ya Kabwe

Mkuu, mimi nahitaji 300,000 kwa ajili ya tairi na betri. Mnatoa kwa kadi ya chombo? Ofisi iko mtaa gani?

#3 Karani wa Mwanjelwa

Ndugu yangu, hapa sitangazi mkopo wala sitaji ofisi. Naomba tu usome hizo picha sita, halafu uniambie: kwa 300,000 yako ungepokea kiasi gani mkononi?

#4 Bajaji ya Kabwe

Si 300,000?

#5 Mkaguzi Mstaafu

Jibu la huyo kijana limekwisha kukuonyesha kasoro ya kwanza, wala huhitaji mtu mwingine. Nimekagua vitabu vya vyama vya akiba na mikopo mikoani Iringa na Mbeya kwa miaka mingi, na malalamiko niliyokuwa nikiyakuta mara nyingi kuliko yote hayakuhusu ukubwa wa riba. Yalikuwa haya: "Nilisaini milioni moja, mbona nimehesabiwa pungufu?" Ada zako hukatwa juu kwa juu, yaani kabla mkopaji hajashika fedha, lakini picha ya 3 inazitaja kama vipande vitatu bila kuzijumlisha na bila kusema zinakatwa lini.

Tuzijumlishe basi. Asilimia 2 ya 1,200,000 ni 24,000. Asilimia 1 ni 12,000. Fomu ni 4,000. Jumla ni 40,000, kwa hiyo mkopaji wako anaondoka na 1,160,000, na bado anarudisha 236,000 mara sita, ambayo ni 1,416,000. Gharama ya mkopo huu kwake ni 256,000, wala si 216,000 uliyoiandika wewe. Namba hizo tatu, yaani anachoshika, anachorudisha na tofauti yake, ndizo zinazostahili kuwa picha ya kwanza kabisa, kabla ya neno asilimia kutajwa popote.

Halafu ufute hilo neno "tu". Asilimia 3 si jambo la kuambiwa "tu" na mtu anayeiuza.

#6 Hesabu za Mtaani

Mimi naona mnalikuza jambo dogo. Asilimia 3 kwa miezi 6 ni asilimia 18, na asilimia 18 ya 1,200,000 ni 216,000. Ongeza ada 40,000, unapata kama asilimia 21 ya mkopo. Hiyo ndiyo gharama, kwa hiyo mfano wa karani hauna uongo ukishaongeza ada. Kama mtu anataka kulinganisha taasisi mbili, alinganishe hiyo asilimia 21 na ya jirani, basi.

#7 Mwalimu wa Biashara, Iringa

Ndugu Hesabu, kujumlisha umejumlisha sawa, na kwa mikopo miwili yenye muda uleule na ratiba ileile ya marejesho kipimo chako kinatosha. Tatizo linaanza pale ambapo taasisi moja inatoza riba ya flati, yaani kwa mkopo wa mwanzo kila mwezi, na nyingine inatoza kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki, kwa sababu zote mbili zinaweza kuandika "asilimia 3 kwa mwezi" ukutani na zote zikawa zinasema kweli.

Angalia mwezi wa sita wa mfano huu. Mkopaji amekwisha kurudisha milioni moja ya mtaji, amebakiwa na deni la 200,000 peke yake, lakini mwezi huo anatozwa riba ileile ya 36,000 kama siku ya kwanza alipokuwa na deni lote. Ukigawa 36,000 kwa 200,000 unapata asilimia 18 kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo flati inapojificha.

Sasa chukua mkopo uleule, asilimia 3 ileile, lakini riba itozwe kwa deni lililobaki, na mtaji urudishwe 200,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 36,000, wa pili 30,000, kisha 24,000, 18,000, 12,000, na wa mwisho 6,000. Jumla ni 126,000. Tofauti na flati ni 90,000, na katika bango lolote mtaani maneno hayo mawili yangesomeka sawasawa. Kwa hiyo picha ya 2 haijakamilika mpaka iseme asilimia 3 *ya nini*: ya mkopo wa mwanzo, au ya deni lililobaki.

Ukitaka kujua bei halisi kwa mwezi, ukihesabu pia kwamba mkopaji alishika 1,160,000, andika hivi kwenye jedwali la kompyuta au la simu:

```
=RATE(6,-236000,1160000)
```

Jibu ni asilimia 6 na ziada kidogo sana. Maana yake ni kwamba flati ya asilimia 3 pamoja na hizo ada ni sawa na mkopo wa salio linalopungua wa asilimia 6 kwa mwezi usio na ada yoyote. Ni mara mbili ya kilichoandikwa.

#8 Hesabu za Mtaani

Nakubali kuhusu mwezi wa sita, sikuwa nimeliangalia hivyo. Lakini asilimia 6 hiyo ukimwekea mama wa sokoni kwenye picha, atadhani karani anatoza 72,000 kila mwezi juu ya mtaji, kisha atakimbia kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani asiyeandika kitu chochote. Mimi nasema waonyeshwe shilingi peke yake.

#9 Mama Viazi, Isyonje

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme la kwangu, labda litamsaidia karani kuhusu picha ya 4 na ya 6.

Msimu mmoja nilikopa fedha karibu na hizo za mfano, kwa miezi 6 vilevile, kwa ajili ya mbegu, mbolea na dawa za viazi mviringo. Mkopeshaji wangu simtaji. Nilipanda wiki ileile niliyopokea fedha. Siku ya thelathini nikapigiwa simu kwamba rejesho limefika. Viazi ndiyo kwanza vilikuwa vimechomoza, sijafika hata palizi ya kwanza. Nikalipa kwa fedha ileile ya mkopo. Mwezi wa pili nikafanya hivyohivyo, na wa tatu pia. Nilipokuja kuvuna, baada ya miezi mitatu na nusu hivi, nilikuwa nimepunguza mbolea ya kukuzia na mizunguko ya dawa kwa sababu fedha ilikuwa imekwisha rudi kwa mwenyewe. Mvua zikazidi, ukungu ukaingia, nikapata gunia chache.

Nilipokwenda kueleza, nikasema nimelipia bima ya mkopo, na kwenye karatasi waliandika inanilinda. Nikajibiwa kwamba bima ile ni ya mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, ili deni lisiwaangukie watoto. Shamba halimo. Nilijisikia mjinga, lakini neno "inakulinda" mimi nililielewa kama mtu yeyote angelielewa.

#10 Mkaguzi Mstaafu

Marahaba, mama. Hukuwa mjinga. Sentensi ndiyo iliyokuwa pungufu, na karani ameirudia neno kwa neno kwenye picha yake ya 6.

Tuweke mambo ya Mama Viazi kwenye namba za karani, ili ionekane kwa nini muda ni zaidi ya idadi ya miezi. Marejesho matatu kabla ya mavuno ni 708,000. Alishika 1,160,000. Kilichobaki kufanya kazi shambani ni 452,000. Kwa maneno mengine alitozwa riba juu ya 1,200,000 nzima kwa miezi yote sita, huku shamba lenyewe likiwa limepata chini ya nusu ya fedha hizo. Muuza mitumba wa Mwanjelwa anayepata fedha kila siku hawezi kuumizwa hivyo na ratiba ileile, kwa sababu rejesho lake hutoka kwenye mauzo.

Mkulima wa zao la miezi minne angeulizia mkopo wa kulipa mwishoni, yaani mtaji na riba vyote siku moja baada ya mavuno. Kwa asilimia 3 ni 36,000 mara nne, yaani 144,000, na siku ya mwisho analipa 1,344,000. Hapo hata ubishi wa flati na salio linalopungua unakwisha, kwa kuwa deni halikupungua katikati. Hesabu zote mbili zinatoa jibu moja. Hatari yake ni nyingine: bei ya gunia ikianguka wiki ile ya kuvuna, deni lote linamsubiri siku hiyohiyo, na hana rejesho hata moja alilokwisha kulivuka. Ndiyo maana wakopeshaji wengi hawapendi kumpa mkopaji mgeni ratiba ya aina hiyo, na siwezi kuwalaumu kabisa.

#11 Karani wa Mwanjelwa

Nashukuru sana, hasa Mama Viazi, na pole kwa yaliyokupata. Nakiri kwamba riba yetu ni ya flati, na kwamba maneno ya bima niliyanakili kutoka kwenye kipeperushi cha zamani bila kujiuliza mkulima atayasomaje. Sisi pia bima yetu ni ya kifo na ulemavu wa kudumu.

Nina swali kuhusu picha ya 4. Tukiongeza muda kuwa miezi 12, rejesho linashuka kutoka 236,000 hadi 136,000, na hilo ni kweli. Je, kuna ubaya gani kuliandika?

#12 Mwalimu wa Biashara, Iringa

Liandike, lakini uandike na nusu yake ya pili. Rejesho linashuka kwa 100,000, ila riba inapanda kutoka 216,000 hadi 432,000, kwa sababu ile 36,000 inalipwa mara kumi na mbili. Kwa picha moja unaweza kuchora mikono miwili: mmoja umeshika 236,000 mara 6, mwingine umeshika 136,000 mara 12, na chini ya kila mmoja jumla yake, 1,416,000 na 1,632,000. Usimwambie achague upi. Mwenye duka linaloingiza kidogo kidogo anaweza kuchagua miezi 12 kwa akili timamu kabisa, kwa kuwa rejesho la 236,000 lingemlazimisha kula mtaji. Anachohitaji ni kujua kwamba nafuu ile ya kila mwezi ameinunua kwa 216,000.

Na jambo moja ambalo hujaligusa: mkopaji akipata fedha mapema, akataka kumaliza deni mwezi wa tatu, mkataba wenu unasemaje? Baada ya marejesho matatu amebakiwa na mtaji wa 600,000. Je, analipa hiyo 600,000, au anaongezewa na 108,000 ya riba ya miezi mitatu ambayo hatakuwa na fedha zenu?

#13 Karani wa Mwanjelwa

Mkataba wetu unasema riba yote inalipwa hata akimaliza mapema.

#14 Mwalimu wa Biashara, Iringa

Basi hiyo ni picha inayojitegemea, na iandikwe wazi kama ulivyoijibu hapa. Mtu anayetarajia malipo ya parachichi au ya mchezo wa kupeana huwa anakopa akijiambia, "nitamaliza mapema nipunguze riba." Kwenu hapunguzi kitu, kwa hiyo ni heri asikimbilie kulipa, fedha ile aizungushe mpaka tarehe ya rejesho ifike. Akijua hilo mwezi wa tatu akiwa mbele ya dirisha, hatawaamini tena.

#15 Dada Mchoraji, Forest

Naomba niingie kwa upande wa kazi ya mikono, maana nimechora picha kama hizi kwa maduka ya pembejeo. Karani, watu hawatumi picha zote sita. Wanatuma moja. Nilichora bei za mbegu kwenye picha tano, na iliyosambaa ilikuwa moja tu yenye bei ya chini, bila ile iliyofuata yenye masharti. Wateja wakaja wakigombana na muuzaji. Ukiweka "asilimia 3 kwa mwezi" peke yake kwenye picha, ndiyo itakayosambaa. Kwa hiyo hakikisha kila picha yenye asilimia ina shilingi zake hapohapo, na mfano uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, 1,200,000 hiyohiyo, usibadilishe kiasi katikati. Tena namba ziwe kubwa kuliko maneno, na zisizidi tatu kwa picha. Jedwali la miezi sita usiliweke kabisa. Kwenye simu ndogo halisomeki, na mtu asiyeweza kulisoma anaona aibu kuuliza.

#16 Mkaguzi Mstaafu

Naunga mkono. Niongeze tu kwamba jambo hili limevuka adabu ya biashara. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka taasisi kama yenu chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na mkopaji anapaswa kuelezwa gharama na masharti kabla ya kusaini. Picha zako hazichukui nafasi ya mkataba, lakini zikipingana na mkataba, mkopaji atakuja nazo kwenye simu yake kama ushahidi, na atakuwa na haki ya kukuuliza.

#17 Karani wa Mwanjelwa

Nimeandika upya. Naomba mzipitie kwa mara ya mwisho kabla sijampelekea mchoraji.

Picha ya 1: Ukikopa 1,200,000 kwa miezi 6, mkononi utapata 1,160,000. Utarudisha 1,416,000. Mkopo huu utakugharimu 256,000.

Picha ya 2: Mbona mkononi ni 1,160,000? Kwa sababu ada za 40,000 zinakatwa kabla hujapokea: uchakataji, bima na fomu.

Picha ya 3: Riba ni asilimia 3 ya mkopo wa mwanzo kila mwezi, yaani 36,000. Haipungui hata deni lako likipungua. Ukienda kwingine, uliza: riba yenu ni ya mkopo wa mwanzo au ya deni lililobaki?

Picha ya 4: Miezi 6: unalipa 236,000 kila mwezi, jumla 1,416,000. Miezi 12: unalipa 136,000 kila mwezi, jumla 1,632,000.

Picha ya 5: Rejesho la kwanza ni siku ya 30. Siku hiyo fedha itatoka wapi? Kama ni shamba ambalo halijavunwa, zungumza nasi kabla ya kusaini.

Picha ya 6: Bima ya mkopo hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Hailipi mazao yakiharibika wala biashara ikianguka.

Picha ya 7: Ukimaliza deni mapema, riba haipungui.

Ile asilimia 6 ya Mwalimu sijaiweka. Meneja ameikataa moja kwa moja, na hata mimi mwenyewe ninayumba kati ya hoja yake na ya ndugu Hesabu.

#18 Mwalimu wa Biashara, Iringa

Bado naona mkopaji anayelinganisha nyinyi na chama chake cha akiba na mikopo hana kipimo kimoja cha kushika. Swali uliloweka kwenye picha ya 3 linasaidia nusu ya safari. Kuhusu hiyo nusu nyingine, mimi na meneja wako hatutakubaliana.

#19 Mama Viazi, Isyonje

Picha ya 5 ndiyo niliyoikosa mwaka ule. Ila hapo penye "zungumza nasi", mimi ningeogopa kuzungumza, nikidhani nitanyimwa mkopo. Andikeni ni nini kinachoweza kubadilishwa: tarehe, au idadi ya marejesho, au vyote. Kama hakuna kinachobadilika, ni afadhali mniambie nisije.

#20 Bajaji ya Kabwe

Nimesoma upya yote. Kwa 300,000 yangu: uchakataji 6,000, bima 3,000, fomu 4,000, nashika 287,000. Riba 9,000 kila mwezi, mtaji 50,000, rejesho 59,000. Mara sita ni 354,000. Gharama ni 67,000. Ni sawa, mkuu?

Sasa na mimi nina swali. Mwenye 1,200,000 analipa fomu 4,000, na mimi wa 300,000 nalipa fomu 4,000 hiyohiyo. Kwa nini?

#21 Karani wa Mwanjelwa

Hesabu yako ni sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Kuhusu fomu, nimelipeleka ofisini asubuhi ya leo pamoja na swali la Mama Viazi. Sijajibiwa.